Ijumaa Alasiri hadi Jumatatu Asubuhi

Hadithi fupi ya mwanamke mwenye nafasi mbili mkononi na siku mbili za kuamua ina umbo linalotambulika mara moja. Ijumaa anapokea barua. Nafasi ya kwanza ni kazi ya kudumu, yenye mshahara unaojulikana na meza ileile mwaka hadi mwaka. Ya pili inamvuta moyo, lakini inaweza kumwacha bila kitu. Jumatatu asubuhi anatakiwa awe ameshajibu. Hakuna mauaji, hakuna fumanizi, pengine hata ugomvi haupo. Karibu kila kitu kinatokea ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na ugumu wa kuiandika uko hapo hapo: mtu aliyekaa anafikiri hatendi, na hadithi isiyo na kitendo humchosha msomaji kabla ya ukurasa wa pili.

Waandishi wanaoiweza hadithi ya namna hii huyageuza mawazo yawe vitu vya kuonekana, kushikwa na kuhesabiwa. Mhusika haambiwi afikiri. Anapewa kitu cha kufanya, na kwa namna anavyokifanya msomaji anajua mizani imeelekea wapi. Njia nyepesi ya kuona kazi hiyo ni kuifuata hadithi moja tangu inapopangwa hadi neno lake la mwisho.

Hadithi itakayofuatwa hapa ni ya kurasa zipatazo nane, na imewekwa Mwanza. Mhusika mkuu ni mhasibu wa miaka 31 anayeishi Igoma na mama yake. Mkataba wake wa mwaka mmoja katika duka la jumla umekwisha mwezi uliopita. Ijumaa saa 8 mchana anaitwa kwenye ofisi ya taasisi ya umma na kukabidhiwa barua ya ajira ya masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Anatakiwa kuripoti Jumatatu saa 1:30 asubuhi akiwa na vyeti vyake halisi. Jioni hiyohiyo rafiki yake wa tangu chuoni, anayekausha dagaa na kuwauza, anampigia simu. Amepata kiwanja cha kuongeza vichanja vya kuanikia, na mwenye kiwanja anataka kodi ya miezi sita Jumatatu, la sivyo anampa mtu mwingine. Anamtaka mhasibu awe mshirika wake: laki tatu kwa mwezi, sehemu moja kati ya tano ya biashara, na aweke akiba yake yote, shilingi milioni 4.

Mwisho wa wiki unaifaa hadithi hii kwa sababu milango inafungwa. Ofisi za umma hufunga Ijumaa saa 9:30 alasiri. Kuanzia hapo mhasibu hana wa kumuuliza kama siku ya kuripoti inaweza kusogezwa, wala wa kumfafanulia sentensi asiyoielewa katika barua. Barua hiyohiyo ikimfikia Jumanne, Jumatano angepiga simu, Alhamisi angejibiwa, na mvutano wote ungevuja kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Wakati huohuo siku hizo mbili si tupu. Jumamosi kuna soko na kufua. Jumapili kuna ibada, chakula cha mchana na ndugu wanaopita kusalimia. Watu wenye la kusema wanafika wenyewe, mwandishi hana haja ya kuwabuni kwa nguvu.

Jambo moja husahaulika hapa. Muda lazima ubane pande zote mbili. Ikiwa ni ofisi tu inayotaka jibu Jumatatu, mhasibu ataripoti kazini, atamwambia rafiki yake asubiri mwezi mmoja, na hadithi imekwisha. Kodi ya kiwanja imewekwa ili kuuziba mwanya huo. Sababu yenyewe ni ya kawaida, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani sababu ya ajabu humfanya msomaji autazame mkono wa mwandishi badala ya kumtazama mhusika.

Baada ya muda kinakuja kipimo chenyewe, na hapa ndipo hadithi nyingi za aina hii hufa. Mwandishi anaichukia ofisi na kuupenda ufuo wa ziwa, kisha anaandika chuki na mapenzi yake. Bosi ana kitambi na sauti ya dharau, ofisi inanuka vumbi, rafiki anacheka huku upepo ukipeperusha kanga yake. Msomaji anajua jibu kwenye ukurasa wa kwanza na hana sababu ya kuendelea. Dawa ni kuipa nafasi iliyopoa joto la kweli, na kuipa nafasi ya kusisimua hasara ya kweli.

Joto la ofisi katika hadithi hii linatoka kwenye meza. Ijumaa, ofisa utumishi anamwonyesha mhasibu mahali atakapokaa. Kiti kina mto ulioshonwa kwa kitenge kilichochujuka. Chini ya kioo cha meza kuna picha ya mtoto aliyevaa joho la mahafali.

“Aliyekuwa hapa alikaa miaka 27,” ofisa anasema. “Watoto wanne, wote kawasomesha kwenye kiti hicho.”

Sentensi hiyo inabeba mambo mawili kwa mpigo. Miaka 27 kwenye kiti kimoja inaweza kumtisha mwanamke wa miaka 31. Watoto wanne waliosoma ni jambo ambalo hakuna mzazi wa Igoma atakayelicheka. Mwandishi haongezi neno. Anamwacha mhasibu auguse ule mto, kisha ampeleke getini. Huko kuna daftari la wageni lenye safu za jina, muda wa kuingia, muda wa kutoka na sababu ya kuja. Alipoingia alikuwa ameandika “Kuchukua barua.” Sasa anajaza muda wa kutoka. Tukio hili dogo linaonekana halina kazi, na kwa sasa halina.

Fedha nazo lazima zipimwe kwa ukweli, kwa sababu mhusika ni mhasibu, na msomaji atamshangaa asipopiga hesabu. Mwandishi anafanya kazi yote pembeni, kwenye karatasi yake. Mshahara wa barua umewekwa shilingi 900,000. Mchango wa mtumishi katika mfuko wa PSSSF ni asilimia 5, yaani 45,000. Zinabaki 855,000 za kutozwa kodi, na kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021 kodi yake ni 91,750. Bima ya afya asilimia 3 ni 27,000. Mhasibu alisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, kwa hiyo mwajiri atakata pia asilimia 15 ya mshahara, yaani 135,000. Mkononi zinafika 601,250. Upande wa pili wa karatasi, mwajiri anamwekea PSSSF asilimia 15, nayo ni 135,000 kila mwezi, fedha ambazo hatazigusa kwa miaka mingi.

Katika hadithi yenyewe, hesabu yote hiyo inageuka maneno mawili: “laki sita.” Mhasibu anayaandika nyuma ya risiti akiwa ndani ya daladala, na chini yake anaandika “mkopo” na kuupigia mstari. Msomaji anaelewa kwamba laki tisa ya barua si laki tisa ya mfukoni, na kwamba deni la chuo litamfuata popote aendako, ofisini au ziwani. Mwandishi akiimwaga hesabu nzima kwenye ukurasa, hadithi inageuka hati ya mshahara. Asipoifanya kabisa, ataandika mshahara usiolingana na maisha anayomchorea mhusika, na wasomaji wenye hati za mshahara nyumbani watamkamata.

Hasara ya upande wa pili inahitaji uchunguzi zaidi. Mwandishi asiyeijua biashara ya dagaa ataandika tu kwamba “ina hatari,” na neno hilo halimtishi mtu. Hatari halisi ina jina na siku zake. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, sasa mara nyingi taa za umeme wa jua. Mwanga huwavuta samaki juu, kisha wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu, anga lote lina mwanga na taa ya mvuvi haina mvuto, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika. Wavuvi huugawa mwezi katika giza na mbalamwezi, na mapato ya mwalo mzima huenda kwa mgawanyo huo. Halafu kuna mvua. Jua likiwa kali, dagaa waliotandazwa vizuri kwenye kichanja wanaweza kukauka siku hiyohiyo. Mvua ikiwakuta wakiwa wabichi wanageuka rangi na kuanza kunuka, na wengi wao huishia kuuzwa kwa bei ya chini kwa ajili ya chakula cha kuku.

Mwandishi akishayajua hayo hatafuti tena tamathali za semi za kuonyesha wasiwasi. Anaiweka wikendi ya hadithi kwenye mwezi mpevu. Usiku wa Ijumaa, mhasibu anatoka nje ya nyumba na kuona uwanja wote mweupe, kivuli cha mwembe kimelala ukutani. Msomaji anaona usiku mzuri. Siku ya pili atajua kwamba usiku huo mzuri ulikuwa usiku wa njaa.

Jumamosi ndiyo siku ndefu ya hadithi hii na inastahili karibu nusu ya kurasa zote. Mhasibu anakwenda mwalo wa Kirumba, soko kubwa la dagaa na samaki wakavu ambako huja wanunuzi kutoka nchi jirani, Kongo ikiwemo. Anakuta magunia, wapakiaji, malori. Kisha rafiki yake anampeleka ufuoni kwenye vichanja, na vichanja vitupu. Nyavu zimekunjwa, mitumbwi imevutwa mchangani, vijana wanacheza bao. Rafiki anaongea kwa moto ileile aliyokuwa nayo kwenye simu, anaonyesha kiwanja kipya kwa mkono. Anatoa daftari la hesabu: kilo 300 za dagaa wabichi kwa siku, mara siku 30, kwa kuwa kilo tatu mbichi hutoa takriban moja kavu, kwa mwezi ni kilo 3,000.

Hapa inakuja sehemu iliyo bora kuliko zote katika mpango huu. Mhasibu hasemi kitu. Anakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, anaomba kalamu.

“Hizi siku 30,” anasema, “na leo mnavua?”

Rafiki anaangalia pembeni. “Mbalamwezi naijua, shoga. Sikuiandika tu.”

Mhasibu anatoa siku 10 za mbalamwezi. Anauliza kuhusu mvua ya masika na kutoa siku 5 nyingine. Kilo 3,000 zimekuwa 1,500. Katika hadithi, faida ya kila kilo imewekwa shilingi 600. Kwa hiyo milioni moja na laki nane za ahadi zimeshuka hadi laki tisa. Laki tatu ni za rafiki, laki tatu zake, laki mbili na nusu za kodi na vibarua. Zinabaki 50,000. Kalamu inasimama. Biashara haijafa, wala haijapona.

Kiasi hicho hakikuchaguliwa ovyo. Kama zingebaki laki tano, kuondoka kungekuwa rahisi. Kama hesabu ingeonyesha hasara, kubaki kungekuwa rahisi. Shilingi 50,000 ni upana wa ukuta ambao mtu mwenye moyo anaweza kutembea juu yake na mwenye busara anaweza kukataa, na wote wawili wakawa sahihi. Lakini mwandishi amepata kingine kisicho na tarakimu. Jua limehamia magharibi na mhasibu hakuona. Tangu alipoanza kukata siku kwenye daftari hakuitazama simu yake hata mara moja, na rafiki yake amemletea chai ikapoa. Ijumaa, kwenye meza yenye mto wa kitenge, alitazama saa mara tatu. Hadithi haimwambii msomaji kwamba anaipenda kazi hii. Inamwonyesha chai iliyopoa.

Uzani wa namna hiyo una mfano wake maarufu katika hadithi ya James Joyce iitwayo “Eveline,” iliyotoka kwanza gazetini mwaka 1904 na kuingia katika kitabu chake cha hadithi za Dublin mwaka 1914. Nafasi za Eveline si za kazi bali za maisha. Ni msichana aliyepita kidogo miaka 19, anauza dukani na kutunza nyumba ya baba mkali. Baharia aitwaye Frank anataka kumchukua Buenos Aires, kwenye nyumba inayomsubiri. Mshahara wake wote, shilingi 7, anaukabidhi nyumbani, na kila Jumamosi usiku kuna ugomvi kabla baba hajatoa fedha za kununua chakula cha Jumapili. Kisha binti anakimbilia sokoni akipenya katikati ya watu. Mpaka hapo mtu angesema, aende tu.

Joyce hakuiacha mizani imelala hivyo. Eveline anakumbuka siku aliyougua, baba yake akamsomea hadithi ya mizimu na kumchomea mkate motoni. Anakumbuka matembezi ya familia mlimani, baba akivaa kofia ya mama ili watoto wacheke. Anakumbuka ahadi aliyompa mama yake kabla hajafa, kwamba ataishikilia nyumba. Kila kumbukumbu ni ya sentensi moja au mbili, na kila moja ni jiwe upande wa nyumbani. Upande wa Frank nao una uzito na una shaka: baba alikwisha kumkataza binti asimsemeshe tena, na msomaji hapewi namna ya kujua kama nyumba ya Buenos Aires ipo. Hadithi nzima ina kurasa chache tu. Sehemu yake kubwa ni mtu aliyekaa dirishani jioni na barua mbili mapajani, lakini haichoshi kwa sababu hakuna wazo hata moja ndani yake lisilo na kitu cha kushika.

Jumapili katika hadithi ya Mwanza ina kazi hiyohiyo ya kumbukumbu, na mwenye kuibeba ni mama. Hapa kuna mtego. Mzazi katika hadithi kama hii huandikwa kama kipaza sauti cha tahadhari: anasema kazi ya serikali ni mkate wa uhakika, anamlaumu rafiki, analia. Mama wa hadithi hii ni muuguzi mstaafu. Baada ya ibada anachambua mchele kwenye ungo, na bintiye anamweleza yote, pamoja na zile 50,000. Mama hamkatazi.

“Mwaka ule nilipovunjika nyonga,” anasema, “nililala miezi minne. Pensheni ilikuwa inaingia tarehe zake kama vile natembea.”

Anapepeta, makapi yanaruka. Kisha anaongeza, “Lakini mwanangu, kule wodini nilikuwa napenda zamu za usiku. Watu walinishangaa. Usiku ndio unaona kazi.”

Sentensi ya kwanza inaipa ofisi nguvu ambayo barua haikuwa nayo, kwani 135,000 za kila mwezi zimegeuka miezi minne ya kitandani bila kuomba. Ya pili inamrudishia binti uhuru wake bila mama kujua kwamba ameurudisha. Mwandishi mzuri atajizuia asimfanye mama aeleze alichomaanisha. Heshima kati ya wawili hao inaruhusu mengi yabaki kwenye ungo.

Msimulizi wa hadithi hii yuko nje, katika nafsi ya tatu, lakini anasimama karibu sana na bega la mhasibu. Anaona anachokiona yeye, na haingii kichwani mwa mtu mwingine. Tofauti ya kumkaribia na kumweleza inaonekana ukiweka matoleo mawili pamoja. La kwanza linasema: mhasibu alijiuliza kama aichague kazi ya ofisini yenye usalama au biashara ya dagaa yenye matumaini, na moyo wake uligawanyika. La pili linasema: usiku wa Jumapili alivitoa vyeti kwenye begi, akavipanga kwa miaka, cha kidato cha nne chini, cha chuo juu. Kisha akafungua daftari la rafiki yake, akachora kalenda, akatia wino kwenye siku za mbalamwezi. Saa 6 usiku alikuwa bado hajamaliza, na vyeti vilikuwa vimesukumwa mpaka ukingoni mwa meza. Toleo la pili halina neno hata moja kuhusu moyo. Anayelisoma anajua moyo uko wapi, ingawa mwenyewe mhasibu huenda bado hajui, na pengo hilo kati ya msomaji na mhusika ndilo linalozaa taharuki katika hadithi isiyo na hatari ya mwili.

Kinachoiharibu hadithi baada ya hapo mara nyingi ni huruma ya mwandishi. Amemfikisha mhusika mahali pagumu, sasa anataka kumwokoa. Jumapili jioni simu inalia: mwenye kiwanja amebadili mawazo. Au ofisi imesema nafasi imefutwa. Au rafiki anakutwa ni tapeli. Kila mlango kati ya hiyo unafunguliwa na mtu mwingine, na mwanamke aliyepima kwa siku mbili anajikuta hakupima kitu. Kuna namna ya kugundua kosa hili hata kabla ya kumaliza kuandika: ondoa matukio ya Jumamosi, usome upya mwisho. Ikiwa mwisho bado unasimama vilevile, hautoki ndani ya hadithi. Kosa jingine la huruma ni kumpa vyote viwili, ofisi mchana na dagaa wikendi. Maishani watu wengi hufanya hivyo na hufanya vyema. Katika hadithi hii, ile milioni 4 na ile saa 1:30 ya Jumatatu viliwekwa ili jambo hilo lisiwezekane, na mwandishi anayevisahau amejidanganya mwenyewe kwanza.

Upande wa urefu, siku hizi nne hazilingani. Ijumaa inachukua kurasa mbili, maana kila kitu kitakachotumika baadaye lazima kionekane hapo. Jumamosi inachukua karibu nne. Jumapili mbili kasoro. Jumatatu haizidi nusu ukurasa, kwa kuwa uzito wote umeshapandishwa mzanini na kilichobaki ni mkono kuonyesha.

Mwisho wenyewe una njia zaidi ya moja, na mwandishi huzijaribu. Katika jaribio la kwanza mhasibu anakaa kwenye kiti cha miaka 27, anakunja mto wa kitenge na kuuweka sakafuni. Ni picha safi, lakini inaisaliti Jumamosi: yule aliyesahau chai hayumo. Katika la pili amesimama ufuoni usiku wa giza wa wiki mbili baadaye, taa za mitumbwi zimetapakaa ziwani kama mji. Picha hii inapendeza kupita kiasi, tena inatoka nje ya wikendi na kumwambia msomaji kwamba mambo yamekwenda vizuri, jambo ambalo hakuna aliyelijua Jumatatu. Katika la tatu hadithi inakatika kabla ya jibu, mhasibu akiwa njia panda na daladala mbili zikipiga honi. Wapo wanaoupenda mwisho wa namna hiyo. Kwa hadithi iliyomwomba msomaji ahesabu mpaka shilingi 50,000 ya mwisho, kumnyima jibu ni kumkosea.

Joyce anafundisha kitu hapa. Eveline anafika gatini, meli ipo, Frank anamwita kutoka upande wa pili wa kizuizi, naye ameshika chuma kwa mikono yote miwili na hatoki. Jibu limetolewa, na limetolewa na mikono. Kinachofuata, maisha yake yote na baba yake, hakiandikwi.

Jaribio la nne la hadithi ya Mwanza linarudi getini. Ni Jumatatu, saa 1:20 asubuhi. Mhasibu amevaa vizuri, ana bahasha mkononi, na mpaka hapo msomaji ana haki ya kuamini kwamba amekuja kuripoti. Mlinzi anamsukumia daftari la wageni, lile la Ijumaa, na jina lake bado linaonekana mistari michache juu. Anaandika jina. Anaandika muda. Tukio hili linaweza kubeba jibu lolote kati ya yale mawili hadi safu ya mwisho, na mwandishi anayesita bado anaweza kubadili nia bila kugusa kurasa saba zilizotangulia. Mlinzi anasubiri kalamu yake. Kwenye safu ya sababu ya kuja, mhasibu anaandika: “Kurudisha barua.”